Mwenye nyumba 10%, mwalimu 30%: hii kodi ya mikondo miwili ina haki gani?

#1 Mwalimu_Mwandiga
Wakuu habari za jioni. Nina jambo linanikera tangu juzi nilipopata slipu ya mshahara.

Mshahara wangu ni 1,150,000. Jirani yangu hapa Mwandiga kapangisha nyumba kwa ofisi moja, kodi ya pango ni hiyohiyo 1,150,000 kwa mwezi. Yeye ofisi inamkata 10%, anapewa risiti, yamekwisha. Mimi nipo kwenye daraja la 30%. Yeye analala, mimi nasahihisha madaftari 94 ya kidato cha pili.

Sasa nimesoma kwamba Norwei, Swideni na Ufini wamelifanya hili kuwa sera rasmi. Mapato ya mtaji (riba, gawio, pango) yana kiwango kimoja tu, mshahara una madaraja yanayopanda. Yaani nchi tunazoambiwa zina usawa kuliko zote ndizo zilizoamua mwenye mali alipe kidogo kuliko mfanyakazi? Nani anielezee mantiki.

#2 KijanaWaMwanga
Mwalimu umechelewa, na sisi tunayo tayari. 10% kwa mali, madaraja kwa mshahara. Tofauti ni kwamba wao wameipa jina.

#3 Mama_Mawese
Kodi mara mbili ni dhuluma. Mimi nikinunua mawese Simbo nalipa ushuru, nikifika sokoni Mwanga nalipa tena. Hiyo mikondo miwili ipo miaka yote, hakuna aliyewahi kuifungulia uzi.

#4 Mtwale
Dada hapo umeingia darasa la jirani. Mwalimu haulizi kutozwa mara mbili, anauliza kwa nini pesa ya jasho na pesa ya mali zina vipimo tofauti. Ila la ushuru wa mawese nakuunga mkono.

#5 Hesabu_Kasulu
Nafanya kazi za vitabu vya hesabu, ngoja niseme machache.

Mwalimu, hulipi 30%. Hiyo ni kwa ile shilingi inayozidi milioni moja tu. Kwanza wanatoa mchango wa pensheni 5%, yaani 57,500. Inabaki 1,092,500. Milioni ya kwanza kodi yake ni 128,000, na hizo 92,500 zilizozidi ukizipiga 30% ni 27,750. Jumla 155,750. Angalia slipu yako, nadhani ndiyo namba iliyopo. Hiyo ni kama 13.5% ya mshahara wote. Jirani yako 115,000. Pengo lipo, lakini ni elfu arobaini na kidogo, siyo 30 dhidi ya 10.

Tena ukishuka chini mambo yanageuka. Mshahara wa 500,000 kodi yake ni 18,400 kabla hata ya kutoa pensheni. Pango la 500,000 linakatwa 50,000. Ukiacha pensheni, vinakutana pale kwenye kama 813,000 kwa mwezi. Chini ya hapo mwenye nyumba ndiye anayeumia.

#6 Mwalimu_Mwandiga
Nimeitoa slipu droo. 155,750 kamili. Mkuu wewe umeiona wapi slipu yangu 😂

Lakini ukinipandisha daraja, nyongeza yote inakatwa 30. Yeye akiongeza chumba anakatwa 10 ileile. Hilo hujalijibu.

#7 Bibi_wa_Gungu
#5 asante kwa kusema. Mimi ni mjane, nina nyumba moja Katonga niliyoachiwa na marehemu, kuna ofisi ndogo imepanga kwa laki nne na nusu. Ziwa lilipopanda maji yaliingia hadi sebuleni. Nilijaza kifusi, nikabadilisha milango mitatu iliyovimba, nikapiga plasta upya mpaka usawa wa kiuno. Milioni mbili na laki tatu zilikwenda. Mwaka ule pango lote lilikuwa milioni tano na laki nne, wakakata laki tano na arobaini kama kawaida. Nilipouliza kwa yule aliyeniandalia karatasi akanijibu, "Mama, ukuta haukatwi." Sikuelewa hata alimaanisha nini.

#8 Hesabu_Kasulu
#7 pole mama. Alimaanisha gharama za ukuta hazitolewi kabla ya kodi. Na hapo ndipo namrudi KijanaWaMwanga wa #2.

Tulicho nacho sisi siyo mfumo wa Norwei. Sisi tuna mkato wa mwisho kwenye chanzo, juu ya pango zima, kabla ya gharama. Na viwango vyenyewe vimetawanyika: pango 10%, riba ya benki kwa mtu binafsi 10%, gawio 10%, la kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa Dar 5%, faida ya kampuni 30%. Wao walichofanya ni kukusanya mapato yote ya mtaji kwenye kapu moja, ukatoa riba ya mkopo na gharama halali, kisha kinachobaki kikatozwa kiwango kimoja. Norwei mwaka 1992 kilikuwa 28%, na kampuni nayo 28%. Swideni 1991 walianza na 30%. Ufini 1993, 25%. Denmaki ndio waliotangulia, 1987.

Kwa hiyo mama wa Katonga angekuwa kule, milioni 2.3 za ukarabati zingetolewa kwanza, halafu milioni 3.1 zilizobaki ndizo zingetozwa.

#9 KijanaWaMwanga
Kwa 28%? Ni 868,000. Amelipa 540,000 hapa. Bibi baki Katonga 😂😂

#10 Bibi_wa_Gungu
Mjukuu wangu una akili lakini huna adabu.

#11 Dereva_wa_Nguruka
Hesabu za #9 ni sawa, ila umechagua mwaka mmoja. Fikiria mwaka ambao ziwa linachukua nyumba yenyewe. Hapa ukipangisha miezi sita halafu ukuta ukaanguka, 10% yao ilishakatwa. Kule umepata hasara, hulipi.

#12 Mtwale
Swali la mwalimu bado liko mezani. Kwa nini mtaji upewe kiwango kimoja na mshahara upandishwe? Jibu nililolisikia siku zote ni kwamba mtaji hukimbia. Ukiupiga 50% unapanda boti usiku kwenda Bujumbura. Mfanyakazi hakimbii, ana watoto shuleni.

#13 Nahodha_Kibirizi
Sasa mmefika kwangu. Nina vipe viwili Kibirizi, boti zangu za kuvulia dagaa. Kipe kinakimbia kweli, kesho asubuhi nipo Kalemie. Nyumba ya Katonga inakimbilia wapi? Mbona na yenyewe inapewa kiwango cha kukimbia?

#14 Mwalimu_Mwandiga
#13 umemaliza. Ardhi haina miguu.

#15 Hesabu_Kasulu
Hoja ya kukimbia ipo lakini haikuwa peke yake, na kwa maoni yangu siyo iliyowasukuma zaidi. Kilichowasukuma kilikuwa mikopo.

Kabla ya mageuzi, watu wa kule walikuwa wanaruhusiwa kutoa riba ya mkopo kwenye mapato yao yote, pamoja na mshahara. Na madaraja ya juu yalikuwa makali sana. Basi mwenye mshahara mnono anakopa, ananunua jumba, riba anaitoa kwenye mshahara uliokuwa utozwe kwa kiwango cha juu kabisa. Serikali inambebea zaidi ya nusu ya riba. Jumba lenyewe kodi yake hafifu. Swideni ilifika mahali ambapo ukijumlisha kodi yote ya mapato ya mtaji ya kaya na ukatoa makato ya riba, hazina ilikuwa inatoa kuliko inavyopokea.

Ukiweka kiwango kimoja cha 30%, riba nayo inarudisha 30% tu, uwe tajiri au mlalahoi. Kwa hiyo kiwango kimoja hakikumpa tajiri zawadi kwa upande huo, kilimnyang'anya. Mwalimu, hapo ndipo penye mantiki uliyoitafuta.

#16 Mtwale
Kwetu hoja hiyo haina nguvu basi. Mwalimu akikopa kujenga, riba haimpunguzii PAYE hata senti.

#17 Hesabu_Kasulu
Kweli kabisa. Sababu yao kubwa siyo yetu.

Kuna ya pili inayotuhusu: mfumuko wa bei. Ukiweka milioni 10 benki kwa riba ya 8%, unapata laki nane. Bei zikipanda 4% mwaka huo, laki nne kati ya hizo zinafidia tu pesa iliyoliwa. Kodi inakatwa kwenye laki nane zote. 10% ni 80,000, yaani 20% ya faida ya kweli. Ingekuwa daraja la 30%, ni 240,000 kwenye faida ya laki nne, sawa na 60%. Mshahara hauna tatizo hilo, unaupata leo na unautumia leo.

#18 Mama_Mawese
Kwani nani ana milioni kumi benki Kigoma hii

#19 KijanaWaMwanga
Nahodha anazo. Tumuulize Nahodha.

#20 Nahodha_Kibirizi
Zipo ndani ya injini na nyavu, siyo benki. Njoo na ndoo.

Lakini nina swali la kweli kwa #5. Mimi usiku nipo majini mwenyewe, nawasha taa, nasimamia vijana, naamua turushe wapi. Wakati wa mwezi mpevu tunapumzika, dagaa hawaji kwenye taa. Mwisho wa mwaka nikibaki na faida, ile ni pesa ya mtaji au ya jasho langu? Ofisa wa kule Norwei angenikata kwa mkondo gani?

#21 Hesabu_Kasulu
Nahodha, hilo ndilo lililowashinda. Umeuliza swali lenyewe.

Mwenye hisa za benki ni rahisi, mwalimu ni rahisi. Anayefanya kazi kwenye mali yake mwenyewe ndiye kizungumkuti. Ukimwachia aseme mwenyewe, atasema yote ni ya mtaji. Kwa hiyo Norwei waliweka sheria ya kugawanya. Hawakuuliza umefanya kazi saa ngapi. Walichukua thamani ya mali za biashara, wakaipiga kwa kiwango cha faida kilichowekwa na serikali, wakasema hii ndiyo ya mtaji. Kinachozidi ni jasho, kinakwenda kwenye madaraja.

Tuchukue vipe vyako kwa namba za kubuni, na tujifanye tuna mfumo huo hapa kwa 10% ya mtaji na madaraja yetu ya kawaida. Vipe viwili, injini, nyavu na taa ni milioni 60. Faida ya mwaka ni milioni 24. Kiwango cha faida tuseme 12%.

Ya mtaji: 12% ya milioni 60 ni milioni 7.2. Kodi 720,000.
Ya jasho: milioni 16.8. Milioni 12 za kwanza kwa mwaka kodi yake 1,536,000, na milioni 4.8 kwa 30% ni 1,440,000. Jumla 2,976,000.
Unalipa 3,696,000.

Ingehesabiwa yote ni jasho ungelipa 5,136,000. Yote mtaji, 2,400,000. Unaona jinsi unavyovutwa kusema yote ni mtaji.

#22 Nahodha_Kibirizi
Kwa hiyo nikinunua kipe cha tatu cha milioni 40 nikakilaza mchangani?

#23 Dereva_wa_Nguruka
Huyu mtu hakusoma uhasibu ila ana roho yake 😂

#24 Hesabu_Kasulu
Ndiyo. Mali inakuwa milioni 100, 12% yake milioni 12, kodi 1,200,000. Jasho linabaki milioni 12, kodi 1,536,000. Jumla 2,736,000. Umeokoa 960,000 kila mwaka kwa chombo ambacho hakijalowa maji. Ukiona mtu ana mali nyingi kwenye vitabu na haziingizi kitu, ujue hapo pana jambo.

Kwa kununua kipe cha kulala tu haikulipi, milioni 40 kwa laki tisa na sitini ni mzaha. Lakini kama ulikuwa unanunua gari la familia, unaliandika ni la biashara. Huo ndio mchezo.

#25 Mwalimu_Mwandiga
Na mwenye kazi isiyo na mali? Fundi cherehani ana mashine ya laki tatu na mikono yake. Kwa sheria hiyo karibu faida yake yote ni jasho. Mwenye vipe anapata nafuu, fundi hapati. Tumerudi palepale.

#26 Hesabu_Kasulu
Ndiyo malalamiko ya kule pia. Wanasheria, madaktari na washauri walipiga kelele sana, maana mali yao ni meza na kiti.

Wenye kampuni walipata mlango mwingine. Sheria ya kugawanya ilimgusa mwenye kufanya kazi ndani ya kampuni kama anamiliki theluthi mbili ya hisa au zaidi, na hisa za familia ya karibu zinajumlishwa na zake. Sasa unafanyaje? Unamtafuta rafiki asiyefanya kazi pale, unampa hisa kidogo zaidi ya theluthi moja. Unashuka chini ya mstari. Hugawanywi tena, faida yote inakuwa ya mtaji kwa 28%. Miaka ilivyokwenda kampuni zilizobaki ndani ya sheria zikapungua sana.

#27 KijanaWaMwanga
Kigoma rafiki wa kumpa theluthi ya vipe? Kesho unamkuta Uvira na vipe vyako.

#28 Mtwale
Kule pengine kuna mkataba unaoheshimika. Hapa theluthi ni ya shemeji, na shemeji ni familia 😂

#29 Hesabu_Kasulu
Ndiyo maana 2006 waliiacha. Badala ya kuuliza mtu ni mfanyakazi au mwenye mali, walisema kampuni ilipe 28% kwanza, halafu gawio likizidi faida ya kawaida isiyo na hatari, mwenye hisa alipe 28% tena. 100 inabaki 72, ukitoa 28% ya 72 inabaki kama 51.84. Jumla ya kodi ni 48.16%, karibu na kile anacholipa mwenye mshahara mkubwa. Kwa hiyo kujifanya mtaji hakukulipi tena. Wenye kampuni walijua linakuja, mwaka 2005 wakajigawia magawio kama mvua.

#30 Mama_Mawese
Sasa si ndiyo kodi mara mbili niliyoisema #3?

#31 Hesabu_Kasulu
...Ndiyo. Naomba radhi mama.

#32 Mtwale
Na mimi niliyemwambia kaingia darasa la jirani naomba radhi.

#33 Dereva_wa_Nguruka
Subiri. Hata hapa basi iko hivyo. Kampuni 30%, gawio 10% ya inayobaki. 100 inakuwa 70, inakuwa 63. Ni 37%. Mwenye kampuni ya mabasi analipa zaidi ya mwalimu wa juu kabisa. Mwalimu lawama zako ni kwa nani hasa?

#34 Mwalimu_Mwandiga
Kwa mwenye nyumba. Yeye hana kampuni, 10% na amelala.

#35 Bibi_wa_Gungu
Sijalala. Nilikuwa nachota maji sebuleni.

#36 Nahodha_Kibirizi
Nitoe ukweli, huku ufukweni hakuna anayepigiwa hesabu ya #21. Mauzo yetu wengi hayafiki milioni 100 kwa mwaka, tunalipa ya makadirio juu ya mauzo. Faida iwepo isiwepo. Kwa mwezi mpevu hamna mauzo, lakini makadirio yanabaki makadirio. Huo mgawanyo wa jasho na mtaji unahitaji kwanza mtu awe na daftari.

#37 Hesabu_Kasulu
Hapo umenishika. Bila daftari la mali huwezi hata kuanza kupiga 12%. Norwei waliweza kwa sababu kila biashara ina rejista ya mali na tarehe ya kununua. Na hata hivyo watu walizicheza.

#38 KijanaWaMwanga
Kwa hiyo #2 nilikuwa sawa nusu.

#39 Mtwale
Robo. Ufini wenyewe siku hizi si kiwango kimoja tena, ni 30% halafu 34% mapato ya mtaji yakizidi yuro 30,000. Mkondo wenyewe umeanza kupanda ngazi.

#40 Mwalimu_Mwandiga
Hiyo ndiyo ningependa kuiona hapa. Laki nane za kwanza za pango kwa 10%, zinazozidi zipande. Bibi wa Gungu haguswi.

#41 Dereva_wa_Nguruka
Jirani yako ataandika nyumba jina la mkewe, nusu nusu. Kila mmoja laki tano na sabini na tano.

#42 Mwalimu_Mwandiga
Nimeona mkewe leo asubuhi. Nitamuuliza kama wameshaandika.

#43 Nahodha_Kibirizi
Wakuu giza limeingia, mwezi bado haujatoka. Naenda kuwasha taa. Mwenye kutaka migebuka aje alfajiri, bei ni ya mtaji.